Kuposti harusi bila kumwanika bibi harusi, na bado kazi yako itajwe

*Swali: "Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mpiga picha hapa Kisumu. Mwezi uliopita nilipiga harusi, kanisani Milimani halafu tukashuka Dunga kwa picha za jioni. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya na nataka kuiweka Instagram nipate wateja wa Desemba. Bwana harusi amesema 'weka tu, hakuna shida.' Bibi harusi hataki uso wala jina lake mtandaoni. Aliyenilipa ni mjomba wake kwa niaba ya kamati, naye anasema picha ni zangu mimi niliyepiga. Niiandikeje hiyo posti, na niwaombeje wanitagi bila kumkosea dada wa watu?"*

Ndugu yangu, kati ya hao watatu, anayekupa au kukunyima ruhusa ya kumwonyesha bibi harusi ni bibi harusi mwenyewe. Hao wengine wawili wana haki zao, ila si hiyo. Tuwapitie mmoja mmoja, kwa sababu makosa mengi ya posti za harusi huanzia hapa, kabla hata hujafungua simu.

Mjomba ndiye aliyeagiza kazi na kuilipia. Wapiga picha wengi huku kwetu wanaamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye picha. Kwa picha za kuagizwa, sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kama hamkuwa na mkataba, neno la mjomba ni la maana sana kwako. Mwombe aliandike, hata kwa ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, kwamba hakimiliki inabaki kwako na una ruhusa ya kuzitumia picha kutangaza kazi yako. Harusi ijayo weka sentensi hiyo kwenye mkataba kabla ya kupokea malipo ya awali. Usisubiri hadi picha ziwe nzuri ndipo uanze kuulizana ni za nani.

Lakini hata mjomba akiandika kurasa kumi, amekupa hakimiliki tu. Sura iliyo ndani ya picha inalindwa na sheria nyingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamia haki ya faragha iliyo kwenye kifungu cha 31 cha Katiba. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Sheria hiyo inataja hali ya ndoa na habari za familia, yakiwemo majina ya mume au mke, wazazi na watoto, kuwa data nyeti. Ukiangalia vizuri, posti ya kawaida ya harusi ina karibu yote hayo kwa pamoja. Kifungu cha 37 ndicho ningekushauri ukikariri: huwezi kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, na ukiitumia, pale inapowezekana uifanye asiweze kutambulika. Posti ya kutafuta wateja wa Desemba ni biashara. Kifungu cha 32 kinaongeza kwamba ridhaa ikibishaniwa, anayepaswa kuthibitisha kuwa ilitolewa ni wewe uliyeitumia picha, na kwamba aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote.

Haya si ya kutishana. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujiburudisha bila ridhaa yake. Siku zizo hizo ikaitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Wote wawili walikuwa wakijitangaza, kama unavyotaka kufanya wewe.

Sasa bwana harusi. Amesema weka tu, na uso ni wake, kwa hiyo unaweza kufikiri kwamba picha zake peke yake ni salama. Hapa ndipo ningekuomba utulie. Ukimweka bwana harusi amevaa suti, ana ua kifuani, amesimama Dunga, kila anayemfahamu atajua huyo ni nani na ameoa nani. Bibi harusi atakuwa ametambulishwa bila uso wake kuonekana hata mara moja. Ridhaa ya mmoja kwenye harusi inamfikia mwenzake, watake wasitake. Nenda kwao wote wawili pamoja, uwaeleze hivyo hivyo, na usiweke uso wa bwana harusi mpaka bibi harusi aseme, akijua matokeo yake, kwamba hilo halimsumbui. Akisita, acha. Bwana harusi akitaka kujiposti kwenye ukurasa wake mwenyewe, hayo ni mazungumzo ya nyumba yao, usiyaingilie.

Wala usimuulize bibi harusi kwa nini hataki. Pengine kazini kwake hawaruhusu, pengine kuna mtu wa zamani anayemfuatilia, pengine hapendi tu. Sababu yoyote kati ya hizo inatosha, na ukimdai maelezo atakupa ruhusa kwa aibu, ridhaa ambayo kesho ataijutia na kuiondoa.

Ridhaa yenyewe iwe fupi. Mimi natumia ukurasa mmoja, nao hutiwa sahihi na kila mmoja peke yake, si sahihi moja kwa ajili ya wawili. Maneno yake ni haya, unaweza kuyachukua kama yalivyo:

> Ninaruhusu mpiga picha atumie picha za harusi yetu kutangaza kazi yake kwenye kurasa zake za mitandao, kwa kiwango nilichotia alama:
>
> ☐ Uso wangu uonekane, na jina la kwanza litajwe.
> ☐ Uso wangu uonekane, bila jina.
> ☐ Picha zisizonitambulisha tu, yaani bila uso, bila jina, bila kitu kinachonitaja.
> ☐ Sitaki picha yoyote itumike.
>
> Nitaonyeshwa picha na maandishi kabla hayajawekwa. Ninaweza kubadilisha uamuzi huu wakati wowote kwa ujumbe, na picha zitaondolewa ndani ya saa 48. Uamuzi wangu haubadilishi bei wala ubora wa kazi niliyolipia.

Sentensi ya mwisho isikupite. Wapo wapiga picha wanaotoa bei mbili, moja ya kawaida na nyingine ya juu kwa anayetaka faragha. Mimi siungi mkono. Sheria inapopima kama ridhaa ilitolewa kwa hiari, inaangalia pia kama huduma ilifungwa kwenye ridhaa ambayo haihitajiki kuitoa huduma hiyo. Na tukiiacha sheria kando, mtu asilipishwe kwa ajili ya kuachwa alivyo.

Tuseme bibi harusi wako ametia alama kisanduku cha tatu. Una pengine picha mia sita, nawe unahitaji sita au saba. Kishawishi cha kwanza ni kuchukua zile ulizozipenda na kuzifunika nyuso kwa ukungu au kwa kibandiko cha moyo. Usifanye hivyo. Uso uliofunikwa unamwambia mtazamaji kwamba kuna kitu kinafichwa, naye anaanza kukitafuta. Isitoshe, waliokuwepo watamjua kwa gauni, kwa msuko, kwa wasimamizi waliomzunguka. Na wewe unajitangaza kwa picha iliyoharibiwa. Chagua picha ambazo uso haukuwemo tangu ulipobonyeza kamera, kwa sababu mpangilio wake uliutaka mgongo, mkono au kitambaa.

Kwa harusi ya Dunga ningetafuta hivi. Picha ya kwanza, ile inayosimamisha kidole cha mtazamaji, iwe ya jioni ufukweni: wawili kwa nyuma, wanatembea kuelekea majini, jua linashuka upande wa pili wa ghuba. Kama ulipima mwanga wa anga badala ya wa watu, miili imekuwa vivuli vyeusi na anga imebaki na rangi yake yote. Hiyo inauza kazi yako kuliko sura yoyote, kwa sababu mteja mwingine anajiona yeye pale. Tahadhari ni moja: vivuli vya nyuso za upande, vipaji vya uso vikigusana, vina pua na midomo inayotambulika kwa ndugu. Hizo muulize mwenyewe kabla. Za mgongo hazina shida hiyo.

Ya pili na ya tatu ziwe za karibu: mkono unafunga kifungo cha mwisho cha gauni, pete ikiingia kidoleni, mkia wa gauni ukipita kwenye nyasi. Ya nne iwe ya meza na mapambo kabla wageni hawajaingia. Ya tano gauni limetundikwa kwenye mwanga wa dirisha asubuhi. Ukitaka ya sita, tafuta vicheko vya mbali, kundi limepigwa kwa upana hadi hakuna sura inayosomeka hata ukiikuza.

Neno "kuikuza" nalisema kwa uzito. Ukimaliza kuchagua, fungua kila picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili na uikague kona kwa kona kabla ya kuipunguza. Kamera za siku hizi zinaona maandishi ambayo wewe hukuyaona siku ile. Chukua mfano wa picha ambayo kila mpiga picha anaipenda, mikono ikitia sahihi cheti cha ndoa. Mikono mizuri, kalamu, pete mpya inang'aa, hakuna uso. Ikuze. Juu ya kalamu kuna majina kamili ya wote wawili, kazi zao, makazi yao, majina ya baba zao, na chini sahihi inakauka. Picha isiyo na uso imetoa mengi kuliko picha yenye uso. Ama uiache, ama uichague ile ambayo fokasi iko kwenye pete na karatasi imeyeyuka kabisa.

Vitu vingine vinavyomtaja mtu bila sura yake ni vya kawaida kiasi kwamba jicho linavipita. Ubao wa makaribisho mlangoni wenye majina mawili ya kupendeza. Herufi zilizo juu ya keki. Ratiba ya ibada juu ya kiti, ambayo mara nyingi ina namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati au namba ya M-Pesa ya michango. Bamba la namba la gari la maarusi. Na vioo: bibi harusi amepigwa kwa nyuma akipambwa, unajisifu kwamba umeulinda uso, kumbe uko wazi kabisa kwenye kioo cha meza. Kagua hata miwani ya msimamizi na dirisha la gari.

Kama ulipiga pia siku ya kupeleka mahari, au ayie kwa Waluo wa Nyanza, picha za siku hiyo zinataka uangalifu wa ziada. Bahasha, noti zikihesabiwa, ng'ombe wakiingia bomani, wazee wakisikilizana: hizo ni habari za mali ya familia mbili, na ridhaa ya maarusi haiwasemei wazee. Mimi siziweki kabisa, hata nikiruhusiwa, isipokuwa za mavazi na vyakula.

Watoto waliotangulia na maua nao si wa maarusi kuwatolea ruhusa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yawe kwa faida ya mtoto. Sioni tangazo langu linamfaidi vipi mtoto wa watu, kwa hiyo nachukua viatu vyao vidogo na kikapu cha maua, sura naziacha.

Ukiandaa rili badala ya picha, izime sauti ya asili uweke nyingine. Nimeona video iliyochaguliwa kwa makini, hakuna uso hata mmoja, halafu mshereheshaji anasikika nyuma akiwaita maarusi kwa majina matatu matatu na kijiji wanachotoka.

Kuhusu mahali: Instagram inaondoa data iliyofichwa ndani ya picha, ikiwemo ya mahali ilipopigwa, unapoiposti, lakini faili unazozituma WhatsApp kama dokumenti, au unazoziweka kwenye Google Drive kwa wateja, hubaki nazo. Picha za droni hubeba nukta kamili ya mahali ziliporushwa, na kama ulianzia nyumbani kwa kina bibi harusi, nukta hiyo ni lango lao. Kwenye Lightroom, wakati wa kutoa picha, shuka hadi sehemu ya "Metadata" utie alama "Remove Location Info" na "Remove Person Info". Jina lako la hakimiliki litabaki, mahali na majina ya watu vitaondoka. Ni alama mbili tu, ziwekee mpangilio wa kudumu usizifikirie tena.

Sasa maandishi. Kosa ambalo hata wenye nia njema hulifanya ni kutangaza faragha yenyewe: "Maarusi hawa wameomba wasionekane, nasi tumeheshimu." Ukiandika hivyo umewaalika watu elfu kukisia. Usiseme kuna kitu hakionekani. Zungumzia kazi. Usiunganishe pia kanisa, tarehe na ukumbi, maana matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani mbele ya watu, na anayetaka kujua ataunganisha mwenyewe. Kwenye "Add location" andika Kisumu, inatosha. Wiki kadhaa zikipita kabla ya kuposti, ni vyema zaidi, na wewe tayari mwezi umepita. Posti yako ningeiandika hivi:

> Dakika ishirini za mwisho za jua, Dunga. Tulikuwa tumetenga muda huu tangu mwanzo: ibada ikaisha mapema, wageni wakatangulia kwenye chakula, sisi tukashuka ziwani na watu wawili tu. Anga ilifanya kazi yake, sisi tukaipokea.
>
> Ukipanga harusi Kisumu, Siaya au Kakamega, mwambie mshereheshaji akuachie nusu saa kabla ya machweo. Nitakuonyesha cha kufanya nayo.
>
> Picha: @ukurasawako
> Mapambo: @… Keki: @…
> Tarehe za Desemba zipo chache. Tuma ujumbe.

Ona kwamba posti hiyo haina bibi harusi wala bwana harusi, lakini mteja anajifunza kitu: kwamba wewe unapanga muda, na kwamba nusu saa ya jioni ina thamani. Hilo ndilo linalomfanya aandike ujumbe.

Tufike kwenye kutagi, maana hapa faragha na sifa zako zinavutana waziwazi. Tagi ni njia yenye pande mbili. Ukimtagi bibi harusi kwenye picha ya mgongo wake, mtu akibonyeza anatua kwenye ukurasa wake, jina na sura hapohapo, na kazi yote ya kuchagua imekwenda bure. Naye akikutagi kwenye picha ya uso wake iliyo kwenye ukurasa wa wazi, picha hiyo inaweza kutokea kwenye sehemu ya tagi ya ukurasa wako wewe, mahali ambapo wateja wako wote wanapita. Kwa hiyo maarusi wa kisanduku cha tatu usiwatagi, na usiwaombe wakutagi hadharani chini ya posti yako. Ombi lako liende kwao kwa faragha, siku unayowapa picha, likiwaeleza namna ya kukutaja isiyowagharimu.

Nenda kwenye mipangilio ya Instagram, sehemu ya "Tags and mentions", uwashe kuidhinisha tagi kwa mkono, "Manually approve tags". Tangu hapo binamu aliyepiga picha kwa simu akikutagi, picha haitokei kwako mpaka uikubali. Kipengele cha "Invite collaborators", kinachoiweka posti moja kwenye kurasa mbili, kiweke kwa maarusi waliotia alama kisanduku cha kwanza peke yao. Kwa hao ni zawadi, kwa sababu marafiki zao wote wanaiona kazi yako. Kwa wengine kinafichua kila kitu kwa mguso mmoja.

Ujumbe wa kuomba kutajwa ningeuandika hivi, kwa wote wawili kwenye mazungumzo ya faragha:

> Habari za nyumbani, dada na kaka. Picha zenu ziko tayari, kiungo ni hiki. Kuna folda mbili: moja ya kuchapisha, moja ndogo ya mitandao.
>
> Nina ombi moja. Mkiweka picha yoyote mahali popote, andikeni kwenye maelezo "Picha: @ukurasawako". Kwenye ukurasa wa faragha au stetasi ya WhatsApp inatosha, wala hamna haja ya kunitagi kwenye picha yenyewe. Dada, kama hutaweka popote, ni sawa kabisa. Ukinitumia sentensi mbili kuhusu kazi yangu na kuniruhusu, nitaziweka bila jina.
>
> Nimeambatanisha picha sita na maneno ninayotaka kuposti Ijumaa. Zipitieni. Nikipata jibu la "sawa" kutoka kwa kila mmoja wenu ndipo nitaziweka, na hata moja ikiwasumbua niambieni niibadilishe.

Nimeitaja stetasi makusudi. Huku kwetu picha nyingi za harusi hazifiki Instagram, zinaishia stetasi na kwenye vikundi vya familia, na kule tagi ya kubonyeza ya Instagram haina kazi. Jina lililoandikwa ndilo linalosafiri. Ndiyo maana folda ya mitandao inafaa iwe ya picha zenye upande mrefu wa pikseli 2048 hivi, zenye jina lako dogo kwenye kona ya chini, jeupe na hafifu, mahali ambapo kulikata kutaharibu picha. Folda ya kuchapisha isiwe na jina kabisa. Mtu aliyelipia albamu hapaswi kuona nembo yako ukutani kwake.

Sentensi mbili za bibi harusi zina faida kuliko unavyodhani. Anayekusifu bila uso wake anakuletea wateja wanaotaka utulivu kama yeye, nao ni wengi: walimu, watumishi wa serikali, watu wa kanisa, waliooana mara ya pili.

Kisha usiwasahau wenzako wa kazi. Mpambaji wa bibi harusi ana picha ya uso alioupamba, na hiyo ndiyo biashara yake yote. Wewe ukiwatumia picha watu wa mapambo, keki na mavazi, watumie zile sita tu na maneno haya: "Maarusi hawatagiwi wala kutajwa jina. Nitajeni mimi." Mpambaji akitaka uso, amwombe bibi harusi mwenyewe, usimpitishie wewe. Hao ndio wa kuwatagi kwenye posti, nao ndio watakaokutagi, na kwa kweli tagi ya mwenye ukumbi inaleta maswali mengi ya bei kuliko tagi ya maarusi, kwa sababu wanaomfuata wanapanga harusi sasa hivi.

Baki na simu saa za kwanza baada ya kuposti. Shangazi atakuja na "Hongera sana" akifuatisha jina la bibi harusi na la bwana yake. Hana kosa, anafurahi. Kabla ya kuposti, fungua "Hidden Words" kwenye mipangilio, kwenye orodha ya maneno yako mwenyewe uingize majina yao yote, ya kwanza, ya ukoo, ya utani, kwa tahajia zote unazozijua, na uhakikishe kuficha maoni kumewashwa. Maoni yenye maneno hayo yatafichwa yenyewe. Yatakayopenya yafute, na umwandikie shangazi kwa faragha kumshukuru na kumweleza. Usimjibu hadharani, jibu lako litathibitisha alichokisema.

Na bibi harusi akikuandikia baada ya miezi mitatu kwamba amebadilisha mawazo na hataki hata zile za mgongo, usibishane kuhusu sahihi aliyotia. Anaruhusiwa. Mjibu saa hiyo hiyo kwamba umepokea, kisha uifute posti, uiondoe kwenye stori ulizozihifadhi juu ya ukurasa, kwenye Facebook kama kurasa zako zimeunganishwa, na kwenye wasifu wako wa Google kama uliiweka huko. Fungua pia "Recently deleted" uifute na pale, maana Instagram huishikilia posti iliyofutwa hadi siku 30. Waandikie mtu wa keki, wa mapambo na mpambaji wa bibi harusi waitoe nao, na wakishaitoa umtumie bibi harusi ujumbe wa pili wenye majina ya kurasa zote ulizozisafisha.